Kodi Ilipopanda, Mapato Yakahama

Tarehe 22 Aprili 2009 waziri wa fedha wa Uingereza, Alistair Darling, alisoma bajeti katika wakati mbaya. Mabenki yalikuwa yameokolewa kwa fedha za umma, serikali ilikuwa inakopa kwa kasi isiyozoeleka wakati wa amani, na wananchi walikuwa na hasira na watu waliolipwa bonasi nono kabla mambo hayajaharibika. Miezi michache nyuma Darling alikuwa amesema wenye kipato kikubwa watatozwa asilimia 45 kuanzia mwaka 2011. Siku hiyo akaongeza dozi. Kuanzia Aprili 2010, alisema, kila paundi ambayo mtu ataipata juu ya paundi 150,000 kwa mwaka itatozwa asilimia 50. Kiwango cha juu kilikuwa asilimia 40 tangu mwaka 1988.

Walioguswa hawakufika mbali zaidi ya asilimia 1 ya walipa kodi ya mapato, lakini kundi hilo dogo ndilo lililokuwa linabeba karibu robo ya kodi yote ya aina hiyo. Kwa karatasi na kalamu hesabu ni nyepesi: chukua mapato yao yote yaliyo juu ya 150,000, zidisha kwa asilimia 10 iliyoongezeka, andika jibu. Shida ni kwamba hesabu hiyo inawachukulia watu hao kana kwamba wataendelea kuishi na kupokea fedha kama jana, na mtu anayepokea paundi laki tatu kwa mwaka kwa kawaida ana mhasibu.

Wahasibu walipewa karibu mwaka mzima wa kujipanga. Tangazo lilitolewa Aprili 2009, kodi ikaanza tarehe 6 Aprili 2010, siku ambayo mwaka wa kodi wa Uingereza huanza. Mtu mwenye kampuni yake mwenyewe ndiye anayeamua gawio litoke lini. Faida iko benki, yeye ndiye mwanahisa, yeye ndiye mkurugenzi, na kinachotakiwa ni kikao cha dakika chache na sahihi moja. Gawio la paundi 100,000 fedha taslimu likitolewa Machi 2010, mwenye kipato kikubwa alilipa kodi ya takriban paundi 25,000, ukiingiza nafuu iliyokuwepo wakati ule. Gawio hilohilo likisubiri hadi mwishoni mwa Aprili, kodi ilifika paundi 36,000 na kitu. Paundi 11,000 kwa kusogeza tarehe wiki chache. Ni nani angesubiri?

Hawakusubiri. Mamlaka ya Mapato na Forodha ya Uingereza ilipotoa ripoti yake Machi 2012, ilionyesha kwamba watu waliozidi paundi 150,000 walitangaza jumla ya paundi bilioni 116 katika mwaka wa 2009-10, yaani mwaka wa mwisho wa kodi ya zamani. Mwaka uliofuata, wa kwanza wa asilimia 50, walitangaza bilioni 87. Robo ya mapato ilitoweka. Kwa makadirio ya mamlaka, kati ya paundi bilioni 16 na 18 zilikuwa zimevutwa nyuma kwa makusudi, zikapokelewa mapema ili zikutane na asilimia 40 badala ya 50.

Ukisoma takwimu hizo mbili bila uangalifu utadhani matajiri walikimbia nchi au waliacha kazi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kalenda tu. Mapato yaliyovutwa nyuma yaliunenepesha mwaka wa kwanza na kuukondesha wa pili, kwa hiyo pengo likaonekana mara mbili. Na mwenye kampuni aliyekwisha kujilipa gawio la miaka miwili kwa mpigo hana gawio la kutangaza mwaka wa pili, pengine hata wa tatu. Anayetaka kujua kodi imebadilisha nini kwa kudumu sharti kwanza atoe vumbi hilo la kalenda, na kulitoa ni kazi ngumu kuliko inavyosikika.

Wachumi wana kipimo cha jambo hili, wanakiita mnyumbuko wa mapato yanayotozwa kodi. Wengi hudhani kinapima kodi yenyewe. Kinachopimwa ni kile kinachobaki. Kiwango kikiwa asilimia 40, katika kila paundi ya ziada mtu hubaki na senti 60. Kikipanda hadi 50, hubaki na senti 50. Kilichobaki kimepungua kwa senti 10 katika 60, ambayo ni sehemu moja ya sita, au asilimia 16.7. Mnyumbuko unauliza: kilichobaki kikipungua kwa asilimia 1, mapato anayoyatangaza mtu yanapungua kwa asilimia ngapi? Jibu likiwa sifuri, hakuna aliyebadilika. Likiwa 1, mapato yanapungua kwa uwiano uleule. Darling alipopanga bajeti yake wataalamu wa serikali walitumia 0.35. Baada ya kuona marejesho ya mwaka wa kwanza, ripoti ya 2012 ilipandisha makadirio hadi karibu 0.48, na Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti, chombo huru kilichoundwa 2010 kukagua hesabu za serikali, ikaridhia 0.45.

Tofauti ya 0.35 na 0.45 inaonekana kama ugomvi wa watu wasio na kazi. Tuifanyie hesabu kwa mtu mmoja wa kubuni, mwanasheria wa London anayepata paundi 250,000 kwa mwaka.

Sehemu yake iliyo juu ya 150,000 ni paundi 100,000. Asiposogeza chochote, asilimia 10 ya ziada itaiingizia Hazina paundi 10,000. Sasa tumpe mnyumbuko wa 0.45. Kilichobaki kimepungua kwa asilimia 16.7, kwa hiyo mapato yake yaliyotangazwa yanapungua kwa asilimia 7.5. Hapa ndipo wengi hujikwaa: asilimia 7.5 hiyo haikatwi kwenye ile laki moja ya juu, inakatwa kwenye mapato yake yote ya 250,000, kwa sababu uamuzi wake wa kupokea kidogo zaidi au kidogo chini hupima mapato yake kwa jumla. Ni paundi 18,750. Sasa anatangaza 231,250. Juu ya mstari zimebaki 81,250, na asilimia 10 yake ni 8,125. Hilo ndilo pato jipya la Hazina. Lakini zile 18,750 zilizotoweka zilikuwa zikilipa asilimia 40 hata kabla ya bajeti, na kodi hiyo, paundi 7,500, nayo imekwenda. Ukitoa 7,500 kwenye 8,125, Hazina imebaki na paundi 625. Ilitarajia elfu kumi.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa mnyumbuko wa 0.35 na utapata kama paundi 2,700. Kwa 0.2 utapata zaidi ya 5,800. Ndiyo maana nafasi ya kwanza baada ya nukta inaweza kuwa ugomvi wa mabilioni.

Mwanasheria wetu nimemchagua karibu na mstari, na ni haki msomaji ajue hivyo. Mtu anayepata paundi milioni moja, kwa mnyumbuko huohuo wa 0.45, bado angeiachia Hazina zaidi ya paundi 47,000 kati ya 85,000 zilizotarajiwa, kwa sababu sehemu kubwa ya mapato yake iko juu ya mstari na inatozwa kiwango kipya. Aliye juu kidogo tu ya mstari ndiye anayeiponza serikali: kiwango kipya kinagusa kipande kidogo cha mapato yake, ilhali akijibu, anajibu kwa mapato yake yote. Kwa hiyo pato la kodi kama hii linategemea mnyumbuko, na linategemea pia matajiri wenyewe wamepangana vipi juu ya mstari, na kodi nyingine zinazopotea pamoja na kipato hicho, kama michango ya bima ya taifa na kodi ya ongezeko la thamani ambayo mtu angelipa akitumia fedha hizo madukani.

Ripoti ilipojumlisha yote, ilisema kodi ya asilimia 50 iliingiza paundi bilioni 1 au chini ya hapo kwa mwaka, na kwamba haikuwa jambo la ajabu ikiwa haikuingiza kitu kabisa. Matarajio ya awali yalikuwa kama bilioni 2.5. Siku ileile, tarehe 21 Machi 2012, waziri wa fedha mpya, George Osborne, alisimama bungeni na kutangaza kwamba kiwango kitashushwa hadi 45 kuanzia Aprili 2013. Kwa hesabu za serikali, watu wasipobadilika kwa lolote, punguzo hilo lingegharimu karibu paundi bilioni 3. Kwa kuwa wangerudisha mapato yao mezani, gharama ingekuwa paundi milioni 100 tu. Upinzani ukapiga kelele kwamba mamilionea wamepewa zawadi.

Na kwa mara ya pili watu wakapewa mwaka mzima wa kujipanga, safari hii upande wa pili. Aliyevuta mapato nyuma mwaka 2010 sasa akayasukuma mbele. Mwanzoni mwa 2013 magazeti yaliandika kwamba kuna benki ya uwekezaji iliyokuwa inafikiria kuchelewesha bonasi za wafanyakazi wake hadi baada ya tarehe 6 Aprili. Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, Mervyn King, akakemea wazi, na wazo hilo likaachwa. Lakini takwimu za mishahara za Aprili 2013 ziliruka kwa namna ambayo bonasi zilizochelewa ndizo zilizoweza kuieleza. Si kila mwajiri alisubiri kukemewa na gavana.

Mchezo huu wa tarehe haukuzaliwa London. Bill Clinton aliposhinda urais wa Marekani Novemba 1992, kila mtu alijua atapandisha kodi ya wenye kipato kikubwa, na kweli mwaka 1993 kiwango cha juu kilitoka 31 hadi 39.6. Kabla mwaka haujaisha wakurugenzi wengi walitumia haraka haki zao za kununua hisa za kampuni zao kwa bei ya zamani, kwa sababu faida ya haki hizo huhesabiwa mapato siku mtu anapozitumia. Michael Eisner wa kampuni ya Disney peke yake alivuna karibu dola milioni 200. Mchumi Austan Goolsbee alizifuata takwimu za wakurugenzi hao miaka kadhaa baadaye. Ukilinganisha 1992 na 1993 tu, mnyumbuko ulizidi 1, kiasi cha kukufanya uamini kwamba kupandisha kodi ni kujichoma mkono. Ukitazama kipindi kirefu zaidi, haukuzidi 0.4, na huenda ulikaribia sifuri. Watu walewale, kodi ileile. Kilichobadilika ni urefu wa muda ambao mtafiti aliukodolea macho.

Kwa hiyo ripoti ya Uingereza ya 2012 ina kasoro ambayo hata walioiandika waliikiri: ilisimama juu ya mwaka mmoja tu wa marejesho, mwaka uleule uliochafuliwa na kalenda. Ili kukisia mapato yangekuwa kiasi gani kama kodi isingepanda, watafiti walitazama watu waliokuwa chini kidogo ya 150,000 na kudhani kwamba walio juu wangekwenda nao sambamba. Lakini huo ulikuwa mwaka wa mtikisiko wa mabenki, na mabenki ndiko matajiri wengi wa Uingereza walikokuwa wanalipwa. Kipato cha mtu wa benki kikishuka mwaka 2010, imekuwaje: kodi imemfukuza, au bonasi haikuwepo tu? Watafiti wengine wa kodi walipoirudia hesabu hiyo baadaye wakiwa na marejesho ya miaka zaidi, waliona kwamba jibu hubadilika sana kwa kubadilisha dhana ndogo. Mimi naona Osborne alikuwa na sababu nzuri za kutilia shaka asilimia 50, lakini ile milioni 100 yake ilitangazwa kwa uhakika ambao takwimu hazikuwa nao.

Tuache kalenda. Mapato yakishatulia, yale yaliyopungua kweli yamekwenda wapi?

Jibu ambalo watu hulitoa haraka ni kwamba wamefanya kazi kidogo. Linasikika la akili, na kwa baadhi ni kweli, lakini kwa watu wa kipato cha juu ushahidi wake ni mwembamba kuliko mijadala ya siasa inavyodai. Mchumi wa Marekani Joel Slemrod, aliyeandika juu ya haya kwa miongo mingi, hupanga mwitikio wa watu kwa ngazi: unaotokea upesi na kwa wingi ni kubadili tarehe, kisha huja kubadili jina la mapato na mbinu za kihasibu, na mwisho kabisa ndipo watu hubadili saa zao za kazi. Wakili hapunguzi kesi zake kwa sababu kodi imepanda kwa asilimia 10. Ana wateja, ana washirika, ana jina.

Wanapopunguza kazi kweli, mara nyingi sheria imewasukuma mahali pa ajabu. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa madaktari bingwa wa hospitali za umma za Uingereza. Kuanzia 2016 serikali ilibana kiasi ambacho mwenye kipato kikubwa angeweza kuweka kwenye pensheni bila kutozwa kodi, na ubanaji huo ulianza kuhesabiwa mara mtu alipozidi paundi 110,000. Pensheni ya madaktari hukua kufuatana na malipo yao, kwa hiyo daktari aliyekubali zamu za ziada angeweza kuvuka mstari na kupokea ankara ya kodi ya maelfu ya paundi. Wengine waligundua kwamba zamu hizo ziliwatia hasara. Wakaanza kuzikataa na wengine kupunguza siku za kazi, foleni za wagonjwa zikawa ndefu, na mwaka 2020 serikali ikapandisha mstari huo hadi paundi 200,000. Hapo kodi ilipunguza kazi waziwazi. Lakini haikuwa kwa kiwango cha 40 au 50. Kwa daktari aliyekaa kwenye mstari, kiwango cha zamu ya mwisho kilikuwa kimepita asilimia 100.

Njia kuu ya waliobaki ni kubadilisha jina la mapato. Mwaka kiwango cha mtu binafsi kilipopanda hadi 50, kodi ya kampuni ilikuwa 28 kwa kampuni kubwa na 21 kwa ndogo, na ile ya kampuni kubwa iliendelea kushuka: 26 mwaka 2011, 24 mwaka 2012, 23 mwaka 2013. Mshauri aliyekuwa analipwa kwa jina lake alikuwa na sababu nzuri ya kufungua kampuni, kuiacha ipokee ankara, na kuchukua kidogo kidogo alichohitaji kwa matumizi ya nyumbani. Faida iliyobaki ndani ya kampuni haikuguswa na asilimia 50. Kwenye takwimu za kodi ya mapato ya watu binafsi, mtu huyo amepungukiwa. Ukimtembelea ofisini, anafanya kazi ileile kwa saa zilezile.

Mrudie yule mwanasheria wa paundi 250,000. Zile 18,750 alizoacha kuzitangaza, tuseme zimeingia kwenye kampuni yake ndogo na kutozwa asilimia 21. Hazina imekusanya kwa mlango huo karibu paundi 3,940. Hasara yake ya kweli si 7,500 bali karibu 3,560, na pato la kodi mpya limetoka 625 hadi karibu 4,560. Mnyumbuko haukubadilika hata kidogo, ni 0.45 uleule, lakini Hazina imepata zaidi ya mara saba ya kiasi kile. Hesabu inayotazama rejesho la mtu binafsi peke yake itasema matajiri wamekimbia na fedha. Inayotazama na rejesho la kampuni itasema wamehamia chumba cha pili, ambacho nacho kina mkusanya kodi, ingawa mpole zaidi.

Kwa hiyo simchukulii kwa uzito mtu anayesema mnyumbuko wa nchi fulani ni 0.45 kana kwamba anataja kina cha Ziwa Tanganyika. Namba hiyo hutengenezwa na sheria yenyewe. Denmark ina kodi za juu kuliko Uingereza, lakini watafiti Henrik Kleven na Esben Schultz walipochunguza marejesho ya Wadenmark kwa miaka mingi, walikuta mnyumbuko wa mishahara uko karibu na sifuri. Wadenmark hawapendi kulipa kodi kuliko watu wengine. Ila mwajiri ndiye anayetuma taarifa ya mshahara kwa serikali, benki inatuma ya riba, na punguzo za kudai ni chache. Mtu hana mahali pa kuhamishia. Aliyejiajiri, ambaye hujiandikia hesabu zake mwenyewe, mnyumbuko wake ulikuwa mkubwa zaidi hata huko.

Na hapa nyumbani? Kenya ilifuata njia ya Darling Julai 2023. Juu ya kiwango cha zamani cha asilimia 30 iliongeza 32.5 kwa mshahara unaozidi shilingi 500,000 kwa mwezi, na 35 kwa unaozidi 800,000. Kampuni inalipa 30, na mkazi anayepokea gawio hukatwa asilimia 5. Shilingi 100 za faida zikipita njia ya kampuni hadi mfukoni mwa mwenyewe zinalipa 30, kisha 3.50 ya zile 70, jumla 33.50. Zikipita njia ya mshahara wa juu zinalipa 35, na makato ya nyumba na ya bima ya afya juu yake. Pengo la shilingi moja na nusu ni dogo, lakini mwenye kampuni hana haja ya kutoa gawio mwaka huu. Akiliacha ndani, analipa 30 na kungoja.

Uganda ilitangulia. Tangu 2012 anayezidi shilingi milioni 10 za Uganda kwa mwezi hulipa asilimia 40 kwenye sehemu ya juu. Kampuni hulipa 30, na gawio kwa mtu binafsi hukatwa 15, ukiacha kampuni zilizo soko la hisa. Jumla ni 40.5, karibu sawa kabisa na mshahara. Mwenye kampuni akitaka fedha mkononi hapati nafuu, ingawa nafuu ya kuchelewesha ipo pale pale. Tanzania hali imegeuka: mshahara hauzidi asilimia 30, ilhali faida ya kampuni isiyo soko la hisa hulipa 30 na kisha 10 kwenye gawio, jumla 37. Huku mwenye kampuni yake mwenyewe ana sababu ya kujilipa mshahara mnono, si gawio. Bunge la Tanzania likiamua kesho kupandisha kodi ya mshahara wa juu hadi 40, mshale huo utageuka, na wahasibu wa Dar es Salaam wataujua kabla wino haujakauka.

Jambo moja kanda hii inalifanya vizuri kuliko London, pengine bila kukusudia. Bajeti za Kenya, Uganda na Tanzania husomwa Juni, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mtu hana mwaka mzima wa kuvuta gawio nyuma. Ana wiki chache.

Uingereza nayo haijamaliza ugomvi wake. Septemba 2022 waziri wa fedha Kwasi Kwarteng alitangaza kufuta asilimia 45 kabisa, soko la fedha likayumba kwa sababu ya bajeti yake yote, na siku kumi baadaye akalirudisha tangazo hilo mfukoni. Mrithi wake, Jeremy Hunt, alikwenda upande mwingine: kiwango akakiacha 45 na kushusha mstari kutoka paundi 150,000 hadi 125,140 kuanzia Aprili 2023. Kushusha mstari kunaongeza kodi ya kila mtu aliye juu bila kumpunguzia senti hata moja kwenye paundi yake ya mwisho kama tayari alikuwa analipa 45, na kwa sababu hiyo humpa sababu chache za kuhama.

Bajeti ijayo ya kwenu ikitangaza kiwango kipya kwa wenye kipato kikubwa, tafuteni mambo mawili kwenye muswada kabla ya kushangilia au kulaani: tarehe ya kuanza, na kodi ya kampuni iko wapi ukilinganisha.